Kuamsha peji ya biashara iliyolala miezi nane bila aya tatu za samahani

Mamangu mdogo anauza achari na mabuyu hapa Malindi. Peji yake ya Facebook ilinyamaza tangu mfungo ulipoanza mpaka embe mbichi zikarudi sokoni, yaani kama miezi nane. Juzi akaniita nimsaidie posti ya kurudi, nikamkuta ashaandika samahanini wapendwa, nilikuwa naumwa, mara mitihani ya dunia... nikafuta yote, tukazozana kidogo. Mimi naona hivi, mteja wa achari hahesabu siku ulizonyamaza, ukimwomba radhi wewe ndo unamkumbusha kwamba siku moja utapotea tena. Na ukitaja ugonjwa utapata pole nyingi tu, chupa hamna anayeulizia.

Basi tulifanya hivi.

1. Shika simu ya mtu mwingine

Sio yako. Fungua peji kama mteja, bonyeza kitufe cha WhatsApp, piga na ile namba. Yake ilikuwa ya laini ya zamani aliyoiacha kwenye droo, na akaunti ya WhatsApp isipotumika siku 120 hufutwa, kwa hivyo kitufe kilikuwa kinapeleka watu kusikokuwa na mtu. Tukaweka namba mpya, tukajaribu tena, ikaingia.

2. Inboksi kabla ya posti

Hapa ndo tulimalizia jioni nzima. Mimi nilidhani tutajibu meseji zote za zamani tumalize, nikaanza kuandika moja moja, zikagoma. Kumbe peji ya biashara ina muda wake: mteja akikuandikia, siku 7 zikipita hujamjibu, kwa kawaida huwezi tena kumtumia kitu mpaka akuandikie yeye mwenyewe. Usipoteze saa mbili kama mimi ukifikiri ni bando au simu mbovu, ukazima ukawasha, ukafuta apu ukairudisha.

Sasa pitia zote hivyo hivyo, uzigawe. Waliouliza bei tu wakaondoka, waache, posti mpya itawafikia au haitawafikia. Walioacha namba ya simu, waandikie WhatsApp kwa kifupi: "Asalaam aleikum, ni wa achari Malindi, uliulizia ya ndimu, ipo sasa." Basi, usieleze ulikuwa wapi. Waliouliza kwenye komenti hao rahisi, manake chini ya komenti unaweza kujibu hata ikiwa ya mwaka jana, ila usijibu komenti ishirini kwa maneno yale yale kwa mkupuo mmoja, utaonekana mashine.

Kundi la mwisho ndo zito: aliyelipa hakupata mzigo. Tulimkuta mmoja, alituma pesa ya chupa nne zipelekwe Mombasa na basi, parseli haikutoka. Huyu lazima aombwe radhi, lakini kwake peke yake, sio hadharani. Tukatafuta jina na namba kwenye meseji za M-Pesa, mamangu mdogo akampigia, akamuuliza, unataka pesa yako au achari? Akataka pesa, akarudishiwa hapo hapo. Posti ingetangulia, huyo ndo angekuwa wa kwanza kukomenti, na ana haki.

3. Bei za zamani

Bei iliyo kwenye maandishi unaibadilisha kwa kuediti. Ile iliyochorwa juu ya picha huwezi, ficha hiyo posti. Ndo maana hizi picha za kutengeneza na mapambo na herufi za dhahabu mimi sizipendi. Andika bei kwenye maandishi, picha iwe picha.

4. Posti yenyewe

Andika kana kwamba jana ulikuwa wazi. Picha moja, mchana, chupa dirishani, kifuniko wazi mafuta yaonekane. Yetu ilikuwa hivi:

"Achari ya embe imetoka leo. Chupa ndogo 250, kubwa 450. Malindi mjini tunaleta baada ya asri, Mombasa inaondoka na basi la asubuhi. Zimo chupa 18."

Hiyo 18 ni hesabu ya kweli, tulizihesabu mezani. Usiandike zimebaki chache wakati jikoni una ndoo mbili. Na usiposti kila siku kwa pupa ya kurudi, wiki ya pili pumzi zitakukatika peji inyamaze tena. Yeye hutengeneza Jumanne na Ijumaa, basi anaposti Jumanne na Ijumaa.

5. "Mlipotea wapi?"

Atakuwepo wa kuuliza. Kwetu alikuwa jirani wa mtaa wa pili, anayemwona mamangu mdogo kila siku akienda sokoni. Akajibiwa, "Tupo dadangu, nikuwekee ya embe au ya ndimu?" Akachukua mbili.