Jaribu jina la onesho kwa sentensi mbili kabla ya kuchapisha mabango

Kabla ya kuamua jina la shindano la urembo au onesho la mavazi, liandike ndani ya sentensi mbili: ile ambayo mshindi atatambulishwa nayo mbele ya wazazi wake, na ile ambayo mdhamini ataiweka kwenye tangazo lake. Tulipokuwa tukipanga onesho letu la Tanga, jina lililopendwa lilikuwa "Vimwana wa Tanga". Kwenye bango lilivutia, lakini tulipoandika "Benki yetu inajivunia kudhamini Vimwana wa Tanga", tuliona mara moja kwamba hakuna meneja angeweka saini, kwa kuwa jina lilimtangaza msichana mwenyewe kana kwamba ndiye bidhaa. Tulilibadili kuwa "Vazi la Tanga", na hapo mbunifu naye akapata nafasi, maana sasa jina linataja kazi ya mikono yake. Ndivyo ilivyo kwa Swahili Fashion Week, iliyoanza mwaka 2008: jina linabeba utamaduni na mavazi, wala haligusi mwili wa mtu.

Jaribio hili halitakuonyesha kama jina lina mwenyewe. "Miss" likifuatwa na jina la mkoa, kwa mfano, huweza kugongana na mashindano yaliyokwisha kusajiliwa, kwa hiyo litafute kwanza kwa wakala wa usajili wa biashara, BRELA, na uulize Baraza la Sanaa la Taifa, BASATA. Vilevile, msomee mama mtu mzima wa mahali hapo, kwani neno la heshima Dar es Salaam huenda lina maana nyingine kwao.