Kutafuta p(3) kwa ugawanyaji sintetiki, na kwa nini njia hii inafanya kazi

Juzi nilikaa na mpwa wangu wa kidato cha tano, ambaye alikuwa amepata p(3) = 24 mara tatu mfululizo ilhali kitabu kilisema 42. Polinomia yenyewe ni p(x) = 2x⁴ − 5x³ + 7x − 6, na kosa lake liliwahi kunipotezea mimi jioni nzima.

Hatua ya 1: Panga vizigeu. Andika namba zinazotangulia vipeo vya x, kuanzia kipeo kikubwa hadi namba isiyo na x. Hapa usiharakishe. Polinomia hii haina x², na nafasi hiyo lazima iwekewe 0. Mpwa wangu aliandika 2, −5, 7, −6, na hesabu ikaenda bila kukwama popote, kwa sababu jedwali halijui kipeo kilichorukwa. Lilimpa kwa usahihi kabisa thamani ya polinomia nyingine, 2x³ − 5x² + 7x − 6, ambayo x ikiwa 3 ni 24. Kabla ya kuendelea, hesabu namba ulizoandika: kipeo kikubwa kikiwa 4, lazima ziwe 5. Mimi hutumia karatasi ya miraba, namba moja kila mraba, na simwamini mtu anayesema ataikumbuka sifuri kichwani.

Kushoto weka 3, kwa kuwa tunagawanya kwa x − 3. Ingekuwa x + 2, ungeweka −2.

Hatua ya 2: Shusha, zidisha, jumlisha. Shusha 2 chini ya mstari, izidishe kwa 3, andika 6 chini ya −5, jumlisha upate 1, kisha rudia hivyo kwa 1 na kuendelea hadi namba ya mwisho.

```
3 |  2   -5    0    7   -6
  |       6    3    9   48
  ------------------------
     2    1    3   16   42
```

Hatua ya 3: Soma jibu. Namba ya mwisho, 42, ni baki, nayo ndiyo p(3). Zilizotangulia ni vizigeu vya jawabu la kugawanya: 2x³ + x² + 3x + 16.

Kwa nini baki ndiyo thamani? Kugawanya kumetupatia

p(x) = (x − 3)(2x³ + x² + 3x + 16) + 42

Ukiweka 3 mahali pa x, mabano ya kwanza yanakuwa 0 na kufuta yote yanayozidishwa nayo, inabaki 42. Ama kuhusu kujumlisha badala ya kutoa kama tunavyofanya katika ugawanyaji mrefu, andika polinomia hiyohiyo hivi:

p(x) = (((2x − 5)x + 0)x + 7)x − 6

Anzia mabano ya ndani kabisa: 2 mara 3 toa 5 ni 1, 1 mara 3 ongeza 0 ni 3, 3 mara 3 ongeza 7 ni 16, 16 mara 3 toa 6 ni 42. Ni mstari wa chini wa jedwali, namba kwa namba, na umezidisha mara nne tu bila kutafuta 3⁴.

Ukigawanya kwa 2x − 1, weka ½ kushoto, kisha vizigeu vya jawabu uvigawanye kwa 2. Baki usiiguse.