Somo: Kuhakiki thamani halisi ya sasa na muda wa kurudisha mtaji kwenye andiko la mradi

Tuchukue mfano wa kikundi cha wakulima wa Singida wanaotaka mashine ya kukamua alizeti. Andiko lao linasema mashine na banda ni shilingi milioni 40, zinalipwa leo. Fedha halisi itakayobaki kila mwisho wa mwaka ni milioni 8, 12, 15, 16 na 14. Kiwango cha punguzo ni asilimia 15. Hitimisho lao: thamani halisi ya sasa ni milioni 8.3, na mtaji unarudi kwa miaka 3.1.

Hatua ya 1. Panga fedha kwa miaka. Malipo ya leo yaweke mwaka 0, kwa alama ya kutoa. Milioni 8 ni ya mwaka 1, na kuendelea. Andika kando lini hasa kila fedha inaingia kwa mujibu wa andiko, maana makosa mengi huzaliwa hapa.

Hatua ya 2. Punguza mwaka mmoja mmoja kwa mkono. Gawanya fedha ya mwaka 1 kwa 1.15, ya mwaka 2 kwa 1.15 mara mbili, hivyo hivyo hadi mwaka 5.

```
Mwaka   Fedha   Thamani ya leo (milioni)
0       -40     -40.00
1         8       6.96
2        12       9.07
3        15       9.86
4        16       9.15
5        14       6.96
Jumla             2.00
```

Sisi tumepata milioni 2.0, wao 8.3. Mradi bado unalipa, lakini sasa mavuno yakiyumba kidogo tu faida yote inaondoka.

Hatua ya 3. Tafuta chanzo cha tofauti. Usiishie kusema "hesabu haikubali", kwa sababu mwandishi atakujibu kwamba ya kwake inakubali. Rudisha milioni 40 kwenye jibu lao: 8.3 + 40 = 48.3. Gawanya kwa 1.15, unapata 42.0, na hiyo ndiyo jumla ya miaka yetu mitano kabla ya kutoa gharama. Maana yake fedha ya mwaka 1 hawakuipunguza kabisa, ya mwaka 2 wakaipunguza mara moja, na zote zikasogea nyuma mwaka mzima. Kosa hili ni la kuogopwa kwa sababu siku zote linapendezesha mradi.

Hatua ya 4. Muda wa kurudisha mtaji. Jumlisha fedha bila punguzo: 8, 20, 35, 51. Mwisho wa mwaka 3 bado inadaiwa milioni 5, na mwaka 4 unaleta 16, kwa hiyo 5 ÷ 16 ni 0.3. Jibu ni miaka 3.3. Wao walichukua wastani wa milioni 13 kwa mwaka wakagawanya 40. Wastani unafaa pale fedha inapolingana kila mwaka. Hapa mwaka wa kwanza ni dhaifu, na wastani umeuficha. Ukijumlisha zile zilizopunguzwa, mtaji unarudi baada ya miaka 4.7, karibu na mwisho kabisa wa mradi.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, Excel yangu imenipa milioni 1.74. Nimekosea wapi?*

Umeingiza mwaka 0 ndani ya mabano. Excel huchukulia namba ya kwanza kuwa ya mwisho wa mwaka 1, hivyo nayo ikapunguzwa na kila kitu kikachelewa mwaka. Zidisha 1.74 kwa 1.15 utaona 2.0 inarudi. Kama mwaka 0 uko B2, andika hivi:

```
=NPV(15%,B3:B7)+B2
```

*Alizeti tunavuna katikati ya mwaka. Kwa nini fedha ipunguzwe mwaka mzima?*

Hoja yako ina uzito. Kama fedha inaingia kwa wastani katikati ya mwaka, zidisha ile 42.0 kwa kipeuo cha pili cha 1.15, yaani 1.072. Utapata 45.0, na thamani halisi inakuwa milioni 5.0. Hiyo inakubalika endapo andiko limetamka hivyo, na hata hapo haifiki 8.3.

*Je, riba ya mkopo wa mashine tuitoe kwenye fedha za kila mwaka?*

Hapana, ndugu yangu. Asilimia 15 tayari ndiyo gharama ya mtaji. Ukitoa na riba umeihesabu mara mbili. Ukitaka kuona fedha za wanachama peke yao, basi mwaka 0 uwe na mchango wao tu, kila mwaka utoe riba pamoja na marejesho ya mkopo, na kiwango cha punguzo kiwe kile wanachama wanachodai kwa fedha yao. Andiko likichanganya njia hizo mbili, lirudishe kwa mwandishi kabla hujagusa hesabu nyingine.