Kutoka "Atarudi?" hadi "Nielewe nini?": namna ya kuandika upya swali la mapenzi kabla ya kuvuta karata za taroti

Hivi karibuni nilimsomea karata dada mmoja ambaye jioni hiyohiyo alikuwa ameshauliza "Atarudi?" mara nne, na kila jibu lilipomtia shaka alivuta karata nyingine. Utaratibu ufuatao ndio niliompitisha.

Hatua ya 1. Andika swali kwenye karatasi kama lilivyo moyoni, bila kulipamba.

Hatua ya 2. Tazama kiambishi cha kwanza cha kitenzi. "Atarudi" huanza na a-, kwa hiyo mtendaji ni mtu ambaye hayupo mezani, na -ta- inadai habari za siku ambayo haijafika. Swali hilo hutaka ndiyo au hapana, ilhali katika karata zote 78 hakuna iliyochorwa kusema hivyo, na msomaji hulazimika kuzigawa picha kuwa njema na mbaya. Liandike upya kwa ni-: "Nielewe nini kuhusu uhusiano huu na namna ninavyoungoja?"

Jihadhari sana hapa, kwa sababu swali la zamani hupenda kurudi kwa mlango wa nyuma. "Nifanye nini ili arudi?" huanza na ni-, lakini "arudi" imekaa mkiani na ndiyo inayotawala usomaji. "Nielewe nini kuhusu hisia zake?" nalo linakupeleka kwenye moyo wa mtu mwingine. Jiulize kama jibu lingekufaa hata asiporudi kamwe. Kama halingekufaa, andika tena. Dada yule aliandika mara tano, na sikumharakisha.

Hatua ya 3. Changanya, kisha vuta karata tatu. Sipendi mpangilio wa karata kumi kwa mambo ya mapenzi, kwa kuwa mwenye hamu hupata humo pa kujificha.

Hatua ya 4. Soma kila picha ukimtafuta muulizaji. Natumia karata zilizochorwa na Pamela Colman Smith mwaka 1909. Zilitoka Vikombe Vitano, Vikombe Sita na Panga Mbili. Kwa swali la kwanza angesema vikombe vilivyomwagika ni hapana, watoto wanaopeana maua ni ndiyo, na mwanamke aliyefungwa kitambaa machoni ni "vuta nyingine". Kwa swali jipya, aliyevaa joho jeusi akitazama vikombe vitatu vilivyomwagika alikuwa yeye mwenyewe, na viwili vilivyosimama nyuma yake vilikuwa havijatazamwa. Vikombe Sita vilionyesha kwamba anayemngoja ni mtu wa kumbukumbu za mwanzo, wala si yule aliyeondoka. Kitambaa cha karata ya tatu kilimsimamisha kwenye uamuzi wake mwenyewe.

Ukijikuta unasema "yeye" akiwa ni yule aliyeondoka katika kila sentensi, umeteleza. Rudi kwenye karatasi. Dada yule alinyamaza kwa muda, kisha akasema, "Basi sijawahi kuuliza kama mimi nataka arudi."