Imeili ya kazi yenye "ambayo" na "yo" zinazogombana: naisahihisha hivi

Mwanafunzi wangu mmoja yuko kitengo cha manunuzi, juzi kaniletea imeili aliyotaka kumtumia msambazaji wake. Msamiati uko poa, shida ni virejeshi tu:

"Nashukuru kwa barua pepe ambayo uliyotuma jana. Katoni zimezofika ni 40 lakini katoni meneja wako alizoahidi ni 60. Tafadhali nijulishe tarehe ya mzigo utaofika."

Hatua ya 1: hesabu virejeshi. Kila nomino inayoelezwa inataka kirejeshi kimoja tu. "Ambayo uliyotuma" ina yo mbili, moja kwenye amba na nyingine ndani ya kitenzi, kwa hiyo futa moja: "barua pepe uliyotuma" au "barua pepe ambayo ulituma". Zote sawa, ila mimi kwenye imeili napenda ya kwanza maana ni fupi. Kosa hili hata sisi tuliozaliwa na lugha tunalifanya, hasa tukitaka kuonekana rasmi, basi usimcheke mtu.

Hatua ya 2: angalia wakati wa kitenzi. Hapa ndipo wengi wanapoteleza. O ya kirejeshi, ile iliyo ndani ya yo na zo, inakaa vizuri baada ya -na- na -li-: zinazofika, zilizofika. Wakati ujao -ta- inarefuka kuwa -taka-, ndiyo maana "utaofika" inakwaruza sikio, sema "utakaofika". Lakini -me- haipokei o kabisa, ukilazimisha unapata hiyo "zimezofika" ambayo hakuna anayeisema. Ukiitaka -me- yako ibaki, kimbilia amba: "katoni ambazo zimefika". Ama badili uweke -li-, "katoni zilizofika", na msomaji ataelewa vilevile kwamba mzigo upo tayari. Hali ni hiyohiyo kwa -ja-: "ambazo hazijafika", njia ya mkato hapo hakuna.

Hatua ya 3: mtafute mtenda yuko wapi. "Katoni meneja wako alizoahidi" kila neno ni sahihi ila mpangilio umekataa, kwa sababu kitenzi chenye o kinataka kugusana na nomino kinayoieleza, hakitaki mtu apite katikati. Mtenda anarudi nyuma: "katoni alizoahidi meneja wako". Ukitumia amba meneja anaruhusiwa kukaa mbele ya kitenzi: "katoni ambazo meneja wako aliahidi". Angalia pia kwamba a- ni ya meneja na zo ni ya katoni, wanafunzi wakiona a- wanaandika "aliyeahidi", halafu katoni zinabaki hazina mwenyewe.

Imeili iliyotoka ni hii:

"Nashukuru kwa barua pepe uliyotuma jana. Katoni zilizofika ni 40 lakini katoni alizoahidi meneja wako ni 60. Tafadhali nijulishe tarehe ya mzigo utakaofika."

Amba haikubaki hata moja. Ila akija kuandika kuhusu zile 20 zilizobaki, "ambazo hazijafika" itamhusu.