Usianze na "Mambo" tupu

Ukimwandikia rafiki mliyepoteana miaka mingi, usitume "Mambo" ukaishia hapo. Namba ngeni ikisalimia hivyo, mtu anahisi ni tapeli, au umekuja kukopa. "Umepotea sana" nayo iache, inamtupia lawama. Mimi nilimwandikia hivi niliyesoma naye: "Ni mimi wa dawati la nyuma, uliyekuwa ukigawana naye andazi. Leo nimepita pale kwa mama wa maandazi nikakukumbuka. Sina shida yoyote, nilitaka tu kukusalimu. Jibu ukipata nafasi." Alijibu baada ya siku tisa, kwa sauti, dakika nne nzima! Tiki zikigeuka bluu kukawa kimya, usipige wala kuongeza ujumbe. Subiri sikukuu, umtakie heri basi.