Kujaza ripoti ya mgonjwa wa ambulensi kutokana na rekodi ya sauti ya paramediki

Mfano hapa ni safari ya usiku jijini Nairobi: mwanamume wa miaka 58, mgonjwa wa kisukari, amekutwa hajitambui kitandani. Paramediki amesema maelezo yake kwenye simu akiwa njiani, nawe unajaza fomu.

1. Sikiliza yote mara moja bila kuandika. Tumia vifaa vya masikioni, maana king'ora humeza tarakimu.

2. Panga saa kwenye karatasi ya pembeni kabla ya kugusa fomu. Hapa ndipo ripoti nyingi huharibika. Fomu inataka saa 24, lakini paramediki anasema saa za Kiswahili, na wakati mwingine huchanganya na za Kizungu katika sentensi moja. Simu iliingia "saa tano na dakika thelathini na nane usiku": hiyo ni 23:38. Sukari ilipimwa "saa sita kasoro dakika moja": 23:59, wala si 00:01. Dawa ilianza "saa sita na dakika nne": 00:04, na tarehe imeshabadilika. Kama simu iliingia tarehe 14, dawa imetolewa tarehe 15. Fomu yenye nafasi moja tu ya tarehe huficha jambo hili, kwa hiyo andika tarehe mpya kando ya saa ya kwanza baada ya usiku wa manane.

Akisema "mbili na kumi" bila neno saa, usikisie. Inaweza kuwa 20:10, 08:10 au 02:10. Tazama tukio lililotangulia na linalofuata. Kama bado haliingii, muulize.

Kisha kuna saa za mashine. Katika mfano huu glukometa inatangulia kwa dakika saba. Kumbukumbu yake inaonyesha sukari 1.9 saa 00:06. Ukiinakili hivyo, ripoti itasema mgonjwa alikuwa na 1.9 dakika mbili baada ya kuanza kupewa dektrosi, na daktari atadhani dawa haikufanya kazi. Ukitoa dakika saba unapata 23:59, sawa na alivyosema. Chagua saa moja ya kufuata (mimi hupendelea ya kituo kilichopokea simu), linganisha nyingine zote nayo, na uandike tofauti hiyo kwenye maelezo. Usiisahihishe kimyakimya.

Na saa iliyo kwenye faili ya sauti ni ya kurekodi, si ya tukio. Alirekodi 00:55, garini. Hakuna kilichofanyika 00:55.

Karatasi yako sasa inasomeka hivi:

```
23:38 simu
23:52 eneo la tukio
23:57 kwa mgonjwa
23:59 sukari 1.9
00:04 dektrosi yaanza
00:19 sukari 6.4
00:22 kuondoka
00:37 hospitali
00:46 makabidhiano
```

Kufika eneo la tukio na kumfikia mgonjwa ni mistari miwili tofauti. Dakika tano hizo ni ngazi za ghorofa ya nne.

3. Vipimo. Kila seti iwe na saa yake: mapigo 112, pumzi 18, presha 138/84, oksijeni 95 akivuta hewa ya kawaida. Bila maneno hayo ya mwisho, 95 haina maana kamili. Sukari iandikwe na kipimo chake, mmol/L; 1.9 ni kama 34 kwa mg/dL.

GCS, yaani alama za kiwango cha fahamu, iandikwe kwa vipande. Kwenye rekodi anasema "kumi", kisha anataja macho mbili, sauti mbili, mwendo tano. Jumla ni tisa. Usichague wewe, weka alama, umpigie. Kipimo ambacho hakikutajwa kiachwe wazi hadi athibitishe kama hakikupimwa au alisahau kukisema. Usijaze namba za "kawaida".

4. Matibabu. "Tulimpa dektrosi" haitoshi. Mstari kamili: dektrosi asilimia 10, mililita 150 (gramu 15), kwa mshipa, kuanzia 00:04, nani aliitoa, na matokeo: 00:19 sukari 6.4, GCS 15. Kanyula nayo: saizi na mkono upi. Kama alidunga mara mbili, andika mara mbili.

5. Makabidhiano. Saa ya kufika si saa ya kukabidhi. Hapa zinapishana kwa dakika tisa, na katika dakika hizo mgonjwa bado alikuwa mikononi mwa wahudumu wa ambulensi. Andika jina na cheo cha aliyempokea, vipimo vya mwisho, na vitu vilivyoachwa naye. Dawa zake za kisukari zitajwe kwa majina yaliyo kwenye pakiti: baadhi ya vidonge vya kisukari hushusha sukari tena saa kadhaa baadaye, na wodi inahitaji kujua.

6. Msomee paramediki, naye atie sahihi. Kosa likatwe kwa mstari mmoja unaosomeka, pamoja na herufi za jina na saa. Usitumie wino mweupe.